Taa ya betri ikiwaka ukiwa safarini: tazama mkanda kwanza

Kati ya jumbe mnazotutumia kuhusu magari, kuna mmoja unaorudi tena na tena. Gari limewaka vizuri asubuhi, limetoka Mhunze na abiria wake, na kabla ya kufika Kolandoto taa nyekundu yenye picha ya betri inawaka kwenye dashibodi. Sauti ya injini haijabadilika na gari linakwenda kama kawaida. Dereva anajiambia kwamba betri imechoka, atanunua nyingine Shinyanga mjini akipata nafasi, na anaendelea na safari.

Wanaotuandikia ni wale ambao safari hiyo haikuisha vizuri. Wengine gari lilizima njiani usiku. Wengine walinunua betri mpya, ikafanya kazi siku mbili tatu, nayo ikafa. Na wachache, ambao hasara yao ni kubwa kuliko wote, injini ilichemka hadi ikaharibika, na wanauliza kwa nini taa ya betri imewaunguzia injini.

Tumekaa na mafundi umeme wa magari tukazipitia hoja hizi moja moja. Jambo la kwanza walilotuambia ni kwamba taa ile ina picha ya betri, lakini haipimi betri.

Taa hiyo inasema nini hasa

Gari likiwa limewaka, umeme wote wa taa, honi, redio na plagi hautakiwi kutoka kwenye betri. Unatoka kwenye altaneta, kile chombo cha duara kinachofungwa ubavuni mwa injini na kuzungushwa na mkanda. Wazee wengi bado wanakiita dinamo, na hawakosei sana, maana magari ya zamani yalikuwa na dinamo kweli. Altaneta zilianza kuenea kwenye magari madogo miaka ya 1960, kwa sababu dinamo ilikuwa dhaifu injini ikiwa inanguruma polepole. Kazi ya betri ni kuwasha gari. Baada ya hapo altaneta inabeba mzigo wote, na inairudishia betri kile ilichotoa wakati wa kuwasha.

Kwenye magari mengi tunayoyatumia, taa ile nyekundu imeunganishwa kati ya pande mbili. Upande mmoja ni betri kupitia swichi ya ufunguo, upande wa pili ni altaneta. Fikiria watu wawili wanavuta kamba. Wakiwa na nguvu sawa, kamba haisogei. Altaneta ikizalisha umeme sawasawa, pande zote mbili za taa zina nguvu sawa, umeme haupiti, na taa inazima. Altaneta ikilegea au ikisimama, betri inavuta peke yake, umeme unapita kwenye taa, nayo inawaka.

Kwa hiyo taa ikiwaka ukiwa unaendesha, maana yake ni kwamba altaneta haizalishi umeme wa kutosha na gari lako sasa linakula akiba. Betri inaweza kuwa mpya kabisa, ya jana, na taa ikawaka vilevile. Na betri inaweza kuwa mbovu kabisa, gari haliwaki mpaka lisukumwe, na taa isiwake kamwe, kwa sababu altaneta yenyewe ni nzima.

Kuna jaribio dogo ambalo halina gharama. Kila unapofungua ufunguo kabla ya kupiga stata, taa ile inatakiwa kuwaka. Ukiona haiwaki, usifurahi. Huenda balbu yake imeungua au waya umekatika, na siku altaneta ikifa hutapata onyo lolote. Kwenye altaneta nyingine za zamani, balbu hiyo ikiungua altaneta yenyewe inaweza kushindwa kuanza kuchaji, kwa sababu umeme mdogo wa kuiamsha unapitia hapo.

Simama, fungua boneti, tazama mkanda

Hapa ndipo penye tofauti kati ya hasara ndogo na hasara kubwa. Taa ikiwaka, tafuta mahali salama usimame mapema. Ukiwa na mshale wa joto, utazame. Kisha fungua boneti na utazame mkanda kwa macho tu, bila kuingiza mkono, na mtu mwenye kanga, kitenge au mtandio unaoning'inia akae mbali. Mkanda upo? Puli ya altaneta inazunguka?

Kama mkanda haupo, au unaning'inia vipande, zima injini hapo hapo.

Sababu ni hii. Kwenye magari mengi madogo, mkanda unaozungusha altaneta ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji. Toyota Probox, ambayo wengi wetu tunaipanda kila siku kama mchomoko, ni mfano mzuri. Mkanda mmoja mpana wenye mifereji unazungusha pampu ya maji, altaneta, na kompresa ya kiyoyozi kama ipo. Mkanda ukikatika, taa ya betri inawaka mara moja, lakini betri ndiyo shida ndogo. Maji hayazunguki tena ndani ya injini. Kwa jua letu na gari lililojaa abiria, ni dakika chache tu kabla injini haijachemka, na ukiendelea unaunguza gasketi ya silinda hedi au unaipinda silinda hedi yenyewe.

Tatizo linakuwa baya zaidi kwa sababu Probox na magari mengine madogo hayana mshale wa joto. Yana taa tu, ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Taa nyekundu inakuja mambo yakiwa tayari yameharibika. Tena kipimo cha joto kinategemea kuguswa na maji. Maji yakiwa yamechemka na kumwagika, kipimo kinabaki hewani na kinaweza kutoa taarifa ya uongo. Kwa hiyo msikilizaji, kwenye magari haya taa ya betri mara nyingi ndiyo onyo la kwanza, na pengine la pekee la maana, kwamba maji yamesimama. Wale waliotuuliza kwa nini taa ya betri iliwaunguzia injini wamepata jibu lao hapo.

Si kila gari liko hivyo. Kuna injini ambazo pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa ndani, ule wa taimingi, na mkanda wa altaneta ukikatika maji yanaendelea kuzunguka. Noah za zamani zenye injini ya 3S ni mojawapo. Muulize fundi wako siku ya kawaida, gari likiwa zima, pampu ya maji ya gari lako inazungushwa na mkanda upi. Swali hilo linachukua dakika moja na utalikumbuka siku ya tatizo.

Kama injini imeshaanza kutoa mvuke, usifungue kifuniko cha rejeta. Acha ipoe, nusu saa au zaidi.

Gari za dizeli na breki zake

Wenye Hiace na Hilux za dizeli za zamani, zile za injini ya 2L na 3L, na wenye Canter nyingi, wasome sehemu hii mara mbili. Nyuma ya altaneta za magari haya kuna pampu ndogo iliyofungwa humohumo, inayovuta hewa kwa ajili ya kusaidia breki. Injini ya petroli inavuta hewa hiyo yenyewe, dizeli haiwezi, ndiyo maana ikapewa pampu.

Mkanda ukikatika, altaneta inasimama na pampu ya hewa inasimama pamoja nayo. Injini itaendelea kunguruma, maana dizeli ya aina hiyo inahitaji umeme kidogo sana. Utakanyaga breki mara ya kwanza ikakubali, mara ya pili ikakubali, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Breki bado zipo, lakini sasa zinataka nguvu ya mguu wako wote, na gari lililobeba marobota ya pamba halisimami kwa urahisi. Taa ya betri ikiwaka kwenye gari la namna hii, punguza mwendo kwa gia, usicheze na breki ovyo, na simama.

Pampu hiyo ina ubaya mwingine. Inalainishwa na oili ya injini, na sili yake ikichakaa oili inaingia ndani ya altaneta na kuloweka kaboni. Kama altaneta yako ya dizeli inakufa kila baada ya miezi michache na fundi anabadilisha kaboni tu, mwambie aangalie sili. Ukiona oili mgongoni mwa altaneta, chanzo ni hicho.

Kwa Canter na malori, kumbuka pia kwamba mengi yanatumia betri mbili, yaani volti 24. Vipimo tutakavyovitaja hapa chini vizidishe mara mbili.

Mkanda upo lakini unateleza

Mara nyingi mkanda haujakatika. Upo, unazunguka, lakini umelegea na unateleza juu ya puli. Dalili yake inasikika kabla ya kuonekana. Ni ule mlio mkali kama wa nguruwe unapowasha gari asubuhi, au unapowasha taa kubwa, au baada ya kupita kwenye dimbwi. Watu wengi wanauzoea wakadhani ni tabia ya gari.

Kwa nini unalia hasa ukiwasha taa? Kwa sababu altaneta si kitu kinachozunguka bure. Ukiitaka itoe umeme mwingi zaidi, inakuwa nzito kuzungusha, kama jiwe la kusagia unapoongeza mtama. Mkanda mzima unaishika puli na kuilazimisha. Mkanda uliolegea unashindwa, unateleza, unalia. Ndiyo maana asubuhi baada ya kupiga stata, wakati altaneta inairudishia betri umeme wake, mlio unasikika dakika moja kisha unakoma.

Dalili nyingine ni taa ya betri inayowaka na kuzima, au inayowaka kwa hafifu ukikanyaga mafuta kwa nguvu. Tazama pia kama kuna vumbi jeusi la mpira karibu na puli, na kama upande wa ndani wa mkanda unang'aa kama kioo. Mpira uliong'aa umeungua kwa kuteleza. Hata ukiukaza, utateleza tena.

Kupima ni rahisi, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Bonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya sehemu yake ndefu zaidi. Kwa mkanda mwembamba wa umbo la V, uliozoeleka kwenye magari ya zamani, ukibonyea kiasi cha sentimeta moja uko sawa. Mkanda mpana wenye mifereji unatakiwa kubonyea kidogo zaidi ya hapo tu, au usifike hata hapo, kutegemea gari. Ukiweza kuusokota kwa vidole ukapita robo ya mzunguko, umelegea.

Kwenye Toyota nyingi za kawaida altaneta yenyewe ndiyo inayokaza mkanda. Imeshikwa na bolti mbili, moja ya kuegemea chini na nyingine kwenye mkono wenye tundu refu. Spana namba 12 na 14 zinatosha kwa nyingi. Unalegeza bolti zote mbili, unaivuta altaneta nje kwa kutumia mpini wa spana ya tairi, unashikilia hapo huku mwenzako anakaza bolti ya juu, kisha ya chini. Mpini uegemeze kwenye mwili mnene wa altaneta upande wa mbele, karibu na masikio yake ya bolti. Ukiuegemeza kwenye ganda lenye matundu utalivunja. Magari mengine yana bolti ndefu ya kusogeza, na hayo ni rahisi zaidi. Mengine yana kikazio cha springi kinachojikaza chenyewe, na hapo mkanda ukilegea ujue kikazio kimechoka au mkanda umerefuka kupita kiasi.

Usikaze kupita kiasi ukidhani unajihakikishia. Mkanda uliokazwa kama waya wa gitaa unaua beringi za altaneta na za pampu ya maji, na utaanza kusikia mvumo usiokoma. Mkanda mpya hurefuka kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo uangalie tena baada ya wiki moja.

Kuna dawa za barabarani tunazozisikia, za kupaka mkanda sabuni, soda au grisi. Sabuni na grisi zinanyamazisha mlio kwa sababu zinalainisha, maana yake mkanda unateleza zaidi kimyakimya. Soda inanata kwa muda mfupi na kisha inakusanya vumbi. Na vumbi hapa kwetu halihitaji kualikwa. Wakati wa masika, tope jeusi la mbuga likirukia kwenye mikanda, lioshe kwa maji safi lisije likakaukia ndani ya mifereji ya puli.

Tumeulizwa pia kuhusu kufunga kipande cha tyubu badala ya mkanda. Kwa puli za umbo la V, kipande cha mpira kilichofungwa vizuri kinaweza kuzungusha pampu ya maji polepole mpaka kijiji kinachofuata. Hakiwezi kubeba altaneta kwa muda mrefu. Kwa mkanda wa mifereji usijaribu, fundo litaruka na linaweza kugonga rejeta au mkono wako. Mkanda wa akiba chini ya kiti ni bora kuliko ubunifu wote huo, na ule wa zamani uliobadilishwa ukiwa bado na uhai unafaa kabisa kwa kazi hiyo.

Mkanda ni mzima, basi unaweza kwenda mbali kiasi gani?

Tuchukue mfano. Probox imetoka Mhunze saa kumi jioni kwenda Shinyanga mjini. Taa inawaka ikiwa imebaki kama saa moja ya safari. Dereva anasimama, anaona mkanda upo, umekaza, puli inazunguka, injini haijachemka. Maana yake ni kwamba altaneta yenyewe au waya wake una tatizo. Betri yake ni NS60, yaani ya 45Ah, na ina miaka miwili.

Namba ile 45Ah inamaanisha kwamba betri mpya iliyojaa ingeweza kutoa ampea 45 kwa jumla ya saa moja, au ampea 15 kwa saa tatu, kwa hesabu ya karatasi. Betri ya miaka miwili haina tena kiasi hicho, na injini ya petroli itaanza kukohoa kabla betri haijaisha kabisa. Kwa tahadhari dereva wetu ahesabu nusu tu, kiasi cha ampea 20 kwa saa moja.

Injini ya petroli ya siku hizi, pamoja na pampu ya mafuta, plagi, kompyuta na feni ya rejeta inayowaka na kuzima, inaweza kula kama ampea 15. Gawanya 20 kwa 15, unapata saa moja na dakika 20. Atafika, lakini kwa sharti la kuzima kiyoyozi, feni ya ndani, redio na kuchomoa simu za abiria. Vioo vya umeme visichezewe.

Sasa tuseme alichelewa kutoka na giza limeingia. Taa kubwa mbili za wati 55 zinakula zaidi ya ampea 9, na taa za nyuma na za dashibodi zinaongeza nyingine 2 au 3. Akiacha na feni ya ndani ikivuma, mzigo unapita ampea 35, na ile akiba inaisha kwa kama nusu saa. Kabla ya hapo taa zitakuwa zimefifia kiasi kwamba hamuoni ng'ombe waliolala barabarani, na mwenye lori anayekuja nyuma hawaoni ninyi. Kwa maoni yetu safari ya usiku yenye taa ya betri iliyowaka haifai kuanza wala kuendelea. Laleni penye watu.

Jambo jingine ni kuzima injini. Dakika za mwanzo baada ya taa kuwaka betri bado imejaa, kwa hiyo kuzima mara moja ili uguse mkanda hakuna shida, gari litawaka tena. Kuzima baada ya kuendesha saa nzima bila chaji ni habari nyingine, kwa sababu stata peke yake inavuta zaidi ya ampea 100. Abiria akitaka kushuka Kolandoto, ashuke injini ikinguruma. Na kama gari ni la otomatiki, likizima halisukumwi likawaka.

Utajua akiba inaisha kwa dalili hizi: taa za dashibodi zinafifia au zinawaka nyingi kwa pamoja, indiketa zinapiga polepole, usukani unaosaidiwa na umeme unakuwa mzito, na injini inaanza kukata. Ukifika hapo, toka barabarani ukiwa bado na mwendo wa kukupeleka pembeni.

Kwa fundi: lipia kilichokufa

Ukifika kwa fundi umeme, mwambie apime kabla ya kufungua chochote. Gari likiwa limezima kwa muda, betri nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu. Kisha gari liwashwe. Altaneta nzima inapandisha kipimo hadi kati ya 13.8 na 14.5, na ukiwasha taa kubwa na feni kinatakiwa kibaki juu ya 13. Kama gari linanguruma na kipimo ni 12.3 na kinazidi kushuka, hakuna chaji, na betri mpya haitasaidia chochote. Kipimo kikipita 15, tatizo ni la kinyume. Chaji imezidi, betri inachemka na kunuka kama yai viza, balbu zinaungua moja baada ya nyingine, na mara nyingi taa nyekundu haikuonyi.

Hata bila fundi unaweza kufuatilia. Kuna chaja za simu za kuchomeka kwenye kiberiti cha gari zenye namba ndogo za volti. Hazina usahihi mkubwa, lakini zinatosha kukuambia kama uko 14 au 12.

Kuna jaribio moja la zamani tunaomba likataliwe, nalo ni kuchomoa nguzo ya betri gari likiwa linanguruma ili kuona kama litaendelea. Lilifaa enzi za dinamo. Kwenye gari lenye kompyuta, betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta, na ukiiondoa ghafla umeme unaweza kuruka juu ukaua vipande vya ndani ya altaneta au kompyuta yenyewe. Fundi mwenye mita hana sababu ya kufanya hivyo.

Baada ya kupima, aanze na vya bei ndogo. Waya mnene nyuma ya altaneta, plagi yake, nguzo za betri zilizoota ukungu mweupe, waya wa boda, na ile fyuzi kubwa ya chaji iliyo kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Fyuzi hiyo hupenda kuungua pale mtu anapoazima chaji kwa gari jingine akageuza waya, chanya kwa hasi. Gari linawaka, lakini halichaji tena.

Vyote vikiwa sawa, ndipo altaneta ifunguliwe. Kilichochakaa mara nyingi ni kaboni, vipande viwili vidogo vinavyosuguana na mhimili unaozunguka, na vumbi letu linavila haraka. Dalili yake ni taa inayowaka na kuzima kwa wiki kadhaa, na wakati mwingine ukigonga altaneta inaamka. Kwenye Toyota nyingi za zamani, altaneta inayochoka inaweza kuwasha taa ya betri na taa ya breki kwa pamoja, wakati mafuta ya breki yamejaa na breki ya mkono iko chini. Kaboni hubadilishwa peke yake kwa sehemu ndogo ya bei ya altaneta. Kidhibiti chaji pia hubadilishwa peke yake, hali kadhalika beringi. Daiodi zikiungua, taa huwaka kwa hafifu muda wote, na betri inaweza kuisha usiku gari likiwa limeegeshwa.

Ukilazimika kununua altaneta ya mtumba, nenda na ya kwako mkononi. Linganisha plagi, idadi ya pini zake, upana na mifereji ya puli, mahali pa bolti, na kibandiko kinachoandika volti na ampea, kwa mfano 12V 70A. Yenye ampea ndogo kuliko ya kwako usiichukue. Muuzaji aizungushe kwa mkono mbele yako usikilize beringi, na mkubaliane kwamba ikifungwa isipofika volti 13.8 unairudisha siku hiyohiyo.

Betri yako ya zamani usiitupe wala kuibadilisha siku hiyo. Imeshushwa hadi chini kwa kuendesha bila chaji, na altaneta mpya ikipewa kazi ya kuijaza kutoka hapo inachemka. Ipeleke ikachajiwe taratibu usiku kucha, iache saa chache, kisha ipimwe. Ikishikilia 12.5 au zaidi, ilikuwa nzima tangu mwanzo.